Shukrani baada ya usaili: mistari mitatu, au mistari mitatu na hoja moja?

Tuseme leo Jumanne umetoka kwenye usaili wa nafasi ya afisa nyaraka katika kampuni ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam. Mezani walikuwa watatu: meneja rasilimali watu aliyekuita, mkuu wa idara ya forodha, na mhasibu. Mkuu wa idara ndiye aliyeuliza mengi, na swali moja alilirudia kwa namna mbili: ungefanya nini ili mzigo wa mteja usikae bandarini kupita siku zake za bure kwa sababu tu nyaraka zimechelewa? Ulijibu, lakini muda ukakata jibu katikati. Mwishoni meneja akasema, "Tutakujulisha ndani ya wiki mbili."

Hapo una njia mbili za kuandika barua pepe ya shukrani ambazo zote ni nzuri, na nyingine kadhaa zinazoharibu. Nianze na hizo mbili nzuri, maana ndizo zenye mgogoro wa kweli. Ya kwanza ni shukrani tupu.

> Habari za mchana Bi. Fulani,
>
> Asante kwa nafasi mliyonipa leo asubuhi ya kuzungumza nanyi kuhusu kazi ya Afisa Nyaraka. Mazungumzo yale yamenifanya niielewe kazi vizuri zaidi, na bado naitaka. Mkihitaji cheti au maelezo yoyote ya ziada, nitayaleta mara moja.
>
> Wako,
> (jina kamili na namba ya simu)

Ya pili inabeba shukrani ileile, ila inaongeza hoja moja iliyotoka kwenye chumba cha usaili.

> Habari za mchana Bi. Fulani,
>
> Asante kwa muda wenu wa leo asubuhi. Naomba unifikishie shukrani zangu kwa mkuu wa idara ya forodha na kwa mhasibu pia.
>
> Nimeendelea kulifikiria swali la mizigo kupitiliza siku za bure. Kwa sasa kazini huwa naomba nakala ya ankara na ya hati ya shehena kutoka kwa mteja mara tu meli inapoondoka bandari ya kwanza, ili tofauti ya uzito au ya jina la mpokeaji ionekane na kurekebishwa meli ikiwa bado baharini. Kwenu pia ningeanzia hapo.
>
> Kazi hii naiweza na naitaka. Nasubiri taarifa yenu ndani ya wiki mbili kama mlivyosema.
>
> Wako,
> (jina kamili na namba ya simu)

Ukizisoma kwa kasi utaona ya pili ni ndefu kidogo tu, na zote zinaingia kwenye kioo cha simu bila kusukuma sana kidole. Tofauti iko kwenye kile ambacho msomaji anaweza kukifanyia kazi. Ya kwanza akishaisoma hana la kufanya nayo zaidi ya kujua kwamba una adabu na bado unaitaka kazi. Hilo si dogo: kuna wasailiwa wanaoondoka bila kueleweka kama nafasi wanaitaka au walikuja kujaribu tu. Ya pili anaweza kuibonyeza na kuituma kwa mkuu wa idara akiandika tu "soma hii". Na mkuu wa idara, ambaye kila wiki anabishana na wateja kuhusu gharama za storeji na demareji, yaani tozo za mzigo uliopitiliza siku zake, atakuta humo kitu cha kazi yake. Anayejua forodha anajua kwamba jina la mpokeaji likitofautiana kati ya hati ya shehena na ankara, marekebisho hula siku, na siku hizo zina bei. Kwa hiyo sentensi yako moja inamwambia kwamba umeshawahi kuumia na jambo hilo, au umeshawahi kuliepuka.

Kama una hoja ya aina hiyo, mimi naichagua ya pili bila kusita. Tatizo ni kwamba wengi hawana, na wakijilazimisha kuitafuta wanaandika sentensi kama "uzoefu wangu wa kufanya kazi kwa bidii na kwa ushirikiano utakuwa na manufaa makubwa kwa taasisi yenu". Ukitaka kujua kama hoja yako ni hoja, badilisha jina la kampuni uone kama sentensi bado inasimama. Ile ya ankara na hati ya shehena ukiipeleka hotelini au shuleni inakosa maana. Ile ya bidii na ushirikiano inakubalika popote, hata kwenye maombi ya kazi ya ulinzi, ndiyo maana hakuna anayeikumbuka. Ukikuta unacho cha namna hiyo tu, rudi kwenye ya kwanza. Mistari mitatu safi ni bora kuliko sita yenye povu.

Kuna mitego miwili ndani ya ya pili ambayo ya kwanza haina. Wa kwanza ni kugeuza barua kuwa marudio ya usaili. Ulikosea swali la pili, ukababaika kwenye la tano, basi unataka kuyarekebisha yote. Wasaili wengi hujaza alama kwenye fomu mara tu msailiwa anapotoka, wakati mwingine kabla hata mlango haujafungwa, kwa hiyo majibu mapya hayana pa kuingia. Unachofanikiwa kufanya ni kumkumbusha mtu maswali aliyokuwa ameshayasahau. Hoja ni moja, na iwe nyongeza kwa jibu lililokuwa zuri lakini likakatika. Jibu lililokuwa bovu liache lilipo.

Mtego wa pili unawanasa hasa watu wenye uzoefu. Ili kuonyesha unaijua kazi, unataja jina la mteja mkubwa wa mwajiri wako wa sasa, au kiasi anachotozwa, au jinsi ofisi yenu ilivyochelewesha mzigo fulani. Mkuu wa idara atafurahia habari hizo kama umbea, kisha atajiuliza utasema nini kuhusu ofisi yake ukihama. Kwenye mfano wetu angalia kwamba njia ya kazi imetajwa, lakini mteja, meli na kampuni havikutajwa.

Sasa, kujiamini. Watu wanadhani kujiamini na kusukuma vinatofautiana kwa kipimo, kwamba ukiweka kujiamini kwingi kunageuka kuwa kusukuma. Nikiwa upande wa pili wa meza sijaona hivyo. "Kazi hii naiweza na naitaka" ni kauli kali kabisa, na haijawahi kunikera, kwa sababu inamhusu aliyeiandika. Kinachokera ni kauli inayonihusu mimi: nifanye nini, lini, na nimfikirieje. Tazama hii ya tatu.

> Kama nilivyowaeleza, uzoefu wangu wa miaka minne unanifanya kuwa chaguo sahihi na naamini mtakubaliana nami. Nitakapoanza kazi nitahakikisha tatizo la mizigo linakwisha. Kwa kuwa nina ofa nyingine, nitashukuru kupata jibu kabla ya Ijumaa. Nitapiga simu kesho kufuatilia.

Sentensi nne, na kila moja imemkalia msomaji kifuani. Ya kwanza inamwamulia. Ya pili imeshajiajiri yenyewe: "nitakapoanza" inadai lililo mikononi mwa mwingine, wakati "ningeanzia hapo" ya barua ya pili inaonyesha uwezo uleule na bado inamwachia mwenye ofisi uamuzi. Ya tatu inampa tarehe ya mwisho mtu ambaye alishakupa yake, wiki mbili. Na ya nne ni ahadi ya usumbufu.

Kuna na upande wa pili, ambao kwetu naona ni wa kawaida kuliko huo wa ubabe: kuomba. "Nawaombeni sana wakubwa zangu mnifikirie, nina wadogo zangu wananitegemea, Mungu atawalipa." Hali inaweza kuwa ya kweli kabisa, na msomaji anaweza kuguswa kabisa. Lakini umemhamisha kutoka kwenye swali analolipwa kulijibu, yaani nani ataweza kazi, ukampeleka kwenye swali ambalo hawezi kulijibu kwa haki, kwa sababu wasailiwa wengine nao wana wadogo zao. Ukimtazama kwa makini, mwombaji huyu anasukuma kama yule wa ubabe, ila anasukuma kwa huruma. Baraka mwishoni mwa barua hazina ubaya. Zikiwa ndizo hoja, zina ubaya.

Kuhusu namna ya kumwita mtu: "Habari za mchana Bi. Fulani" inatosha, jina likiwa limeandikwa kama yeye mwenyewe anavyoliandika kwenye sahihi yake. Shikamoo iliyokufaa mlangoni si lazima ikufuate kwenye barua pepe, hasa kama hujui nani mkubwa kati yenu. "Bosi wangu" iepuke, bado si bosi wako. Na lugha iwe ile waliyokuandikia: kama barua ya mwaliko ilikuja kwa Kiingereza, jibu kwa Kiingereza, kwa muundo uleule. Kama usaili wenyewe ulienda kwa Kiswahili na barua zao ni za Kiswahili, usijipandishe daraja kwa lugha nyingine.

Barua hii unamtumia nani? Fungua ile barua pepe ya mwaliko na ubonyeze Reply. Ukifanya hivyo, jina la nafasi, tarehe na maombi yako ya mwanzo vinabaki chini yake, na meneja aliyesaili watu kumi na mbili siku hiyo hahitaji kukisia wewe ni yupi. Usitafute anwani za wasaili wengine mtandaoni. Mkuu wa idara hakukupa anwani yake, na kumwandikia moja kwa moja kunamruka meneja aliyekuita. Ndiyo sababu barua ya pili inasema "unifikishie shukrani". Kama uliitwa kwa simu tu, jambo ambalo ni la kawaida, tumia anwani ileile uliyotumia kutuma maombi, na hapo mada iandikwe wazi: "Shukrani: usaili wa Afisa Nyaraka, Jumanne asubuhi".

Muda mzuri ni siku ileile kabla ofisi hazijafungwa, au kesho yake asubuhi. Ikitua dakika kumi baada ya kutoka getini, inaonekana uliiandika jana yake. Ikitua saa sita usiku, hakuna dhambi, ila kwenye Gmail kuna Schedule send, itumie iingie saa mbili na nusu asubuhi. Na ukishapitisha siku tatu, shukrani tupu inaanza kufanana na kufuatilia jibu. Hapo bora uiache hadi muda wao upite.

Sasa WhatsApp, maana ndiyo inayowatega wengi. Kama mwaliko ulikuja kwa barua pepe, jibu kwa barua pepe, hata kama namba ya meneja unayo. Kama yeye mwenyewe alikuita kwa WhatsApp na mkapangana saa humo humo, shukrani ya sentensi mbili humo haina kosa: "Habari za mchana Bi. Fulani. Asante kwa usaili wa leo wa Afisa Nyaraka, nimefurahia mazungumzo na bado naitaka nafasi hii." Ishie hapo. Hoja ya hati ya shehena haiendi vizuri kwenye ujumbe wa simu, na ujumbe wa sauti usiutume kabisa. Shida ya WhatsApp ni zile alama mbili za buluu. Utaona amesoma, utaona yuko hewani, utaona hajajibu, na mkono utakuwasha. Barua pepe inakuficha mambo hayo yote, na kwa msailiwa huo ni msaada.

Yote hayo ni ya kampuni binafsi, mashirika na ofisi ndogo. Kwenye ajira za serikali chaguo langu ni tofauti: usitume yoyote. Tanzania, usaili unaoendeshwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma una mchujo wa kuandika, kwa baadhi ya kada una vitendo, kisha mahojiano ya ana kwa ana, na matokeo na majina ya wanaoitwa kazini hutolewa kwa tangazo na kupitia Ajira Portal. Anayefaulu akakosa nafasi anaweza kuwekwa kwenye kanzidata na kuitwa baadaye. Hakuna mahali ambapo barua yako ya shukrani inaingia, na ukimtafuta msaili binafsi inaweza kusomwa kama kujipendekeza, au kitu kibaya zaidi. Kenya nako, matangazo ya kazi za umma huonya waziwazi kwamba mwombaji atakayejaribu kushawishi kwa njia yoyote ataondolewa. Shukrani yako huenda haina nia hiyo, lakini anayeipokea hana wajibu wa kupima nia. Tulia, fungua akaunti yako, subiri tangazo.

Turudi kwenye kampuni yetu ya forodha. Wiki mbili zimepita, Jumanne ile imefika, kimya. Hapa kuna barua ya pili ya kutuma, ya kufuatilia jibu, na hapa napo kuna chaguo. Kwanza ngoja siku mbili au tatu za kazi juu ya zile walizosema. Kampuni huahidi wiki mbili ikijua mkurugenzi yupo, kisha mkurugenzi anasafiri. Ijumaa asubuhi andika chini ya barua ileile. Wengi huandika hivi:

> Naomba kujua hatima ya usaili wangu.

Ni fupi, ni ya heshima, na ni ngumu kuijibu. Kama uamuzi haujafanyika, meneja hana la kukuambia. Kama wewe ni wa pili kwenye orodha na wa kwanza hajasaini, hawezi kukuambia "ndiyo" wala hataki kukuambia "hapana". Kwa hiyo anaiacha. Linganisha na hii:

> Habari za asubuhi Bi. Fulani,
>
> Nilifanya usaili wa Afisa Nyaraka Jumanne wiki mbili zilizopita. Naomba kuuliza kama ratiba ya kujaza nafasi hii imebadilika. Bado naitaka, na napatikana kwa simu wakati wowote wa kazi.

Swali la ratiba linajibika katika hali zote mbili. "Ndiyo, imesogea hadi mwisho wa mwezi" ni jibu la sekunde ishirini, na halimfungi kwa lolote. Nafasi kama hiyo ya pili kwenye orodha ndipo barua zako hufanya kazi yake halisi. Ni nadra shukrani kumpandisha mtu aliyeachwa mbali kwa alama. Lakini wawili wakikaribiana, au aliyechaguliwa akikataa mshahara, meneja humpigia yule ambaye amebaki akilini mwake na anayeonekana bado yupo.

Ukikosa jibu hata kwa hiyo, ya tatu usiiandike. Sina hoja kubwa hapa zaidi ya kwamba sijaona ya tatu iliyobadilisha kitu, na nimeona zilizosomwa kwa sauti ofisini.

Isipokuwa jambo moja jipya limetokea: umepata ofa ya kweli kwingine. Hapo una habari ambayo wao hawana, na kunyamaza kunawanyima nafasi ya kukuwahi. Ile barua ya tatu ya ubabe nayo ilitaja ofa, kwa hiyo ziweke pamoja uone. Yule aliandika "nitashukuru kupata jibu kabla ya Ijumaa". Wewe andika:

> Habari za asubuhi Bi. Fulani,
>
> Nimepata ofa kwingine ambayo natakiwa kuijibu ifikapo tarehe 20. Nafasi yenu ndiyo ninayoipendelea. Kama mnatarajia kufikia uamuzi kabla ya tarehe hiyo, ningeshukuru kujua. Kama sivyo, naelewa.

Tarehe ni ya mwajiri mwingine, si amri yako. Umesema unawapendelea wao, na umewaachia mlango wa kusema hawatawahi. Iandike tu kama ofa ipo kwa maandishi, maana jibu linaloweza kurudi mchana huohuo ni: "Hongera, sisi bado tuna wiki tatu. Kubali hiyo." Na ukishaipata hiyo, utatakiwa uwe na kazi ya kwenda.